Mliopunguzwa kazini, mke mlimwambiaje? Tupeane uzoefu

Baba Aisha, Kireka
Hii mada imenikumbusha barua niliyomwandikia mke wangu, yuko Tororo na watoto. Naiweka:

"Mama Aisha, najua kaka yako anataka ninunue boda. Nimekataa kwa sababu boda ikiibiwa mtaji wote umeenda siku moja. Nimechagua kibanda cha roleksi karibu na hosteli za wanafunzi. Trei ya mayai 30 naipata kwa 13,000, roleksi moja inakula mayai mawili, kwa hiyo trei inatoa 15. Kila roleksi ina mayai ya kama 870, unga 400 hivi, halafu mafuta, makaa, nyanya na kabichi vinafika 400 nyingine. Nauza 2,500, inabaki kama 800, na pesa ya trei inarudi usiku huohuo. Hicho ndicho kilichonivuta, pesa hailali kwenye mali. Ninachoogopa ni trei ikifika 16,000, hapo naliwa kama 200 kwa kila roleksi na wanafunzi hawakubali niongeze bei. Wakienda likizo pia barabara inakuwa tupu, ndiyo maana nataka asubuhi niwauzie watu wa boda chai na chapati kavu. Pesa iliyobaki ya kupunguzwa ni karo, mimi siigusi na wewe usimkopeshe mtu."

Musa B
Umefanya vyema kumwandikia. Mimi nilinyamaza.

Nakawa Boy
Si uende NSSF wakupe pesa zako zote ufungue duka kubwa? Umeachishwa, ni haki yako.

Mama Twins
Zote wapi! Sheria ya 2022 inasema ukiwa na miaka 45 na umeweka akiba miaka 10 unapewa asilimia 20. Ukitaka zote na huna kazi, uwe umefika 50 na umekaa mwaka mzima bila ajira. Usimpotoshe mwenzio.

Nakawa Boy
Jirani yangu alipewa zote.

Mama Twins
Muulize umri wake basi.

Okello wa Lira
Jamani mimi nilichagua kuku wa nyama. Wamefika wiki ya nne wakaanza kujikunyata na kuhara kinyesi cheupe, daktari anakuja anasema ni gamboro na chanjo nilichelewesha, nikaamka asubuhi banda lote limelala chini, na chakula nilichukua kwa mkopo. Mke wangu mpaka leo akisikia jogoo ananyamaza.

Musa B
Pole sana ndugu. Chanjo ya gamboro ilitakiwa siku ya ngapi?

Okello wa Lira
Kwangu niliambiwa wiki ya pili, na maji ya kuchanganyia yasiwe na klorini.

Hajati Jinja
Turudi kwa Baba Aisha. Nimepika chapati miaka mingi. Unga ukiukanda uuache nusu saa chini ya kitambaa, na kikaango kiwe moto kweli. Moto mdogo unakausha chapati kabla haijaiva, halafu ukiikunja na mayai inapasuka. Mteja akiona imepasuka harudi.

Kato
Mie nasema bora boda, unalala na pesa kila siku.

Musa B
Baba Aisha, mama alijibu nini?

Baba Aisha, Kireka
Roleksi amekubali. Ila chai ya asubuhi anataka aje aipike yeye, na bado hatujaelewana watoto wabaki na nani.