Nina nusu saa redioni kila Jumamosi, wanafunzi wako kambi za dagaa. Somo nilipangeje?

Mwl_Kome
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Nafundisha hisabati darasa la nne kisiwani Kome, upande wa Buchosa. Dagaa wakikolea, baadhi ya wazazi wanahamia kambi za visiwa vidogo na watoto wao. Hivi sasa kati ya watoto 43 nimebaki na 17. Hao 26 wako kambini wiki ya tatu. Intaneti huko sahau, kilichopo ni redio na vitochi vya wazazi.

Redio moja ya jamii imenipa nusu saa kila Jumamosi saa 3 asubuhi. Nimeanza na sehemu, kujumlisha nusu na robo. Nilisoma kitabu ukurasa kwa ukurasa, nikaeleza na ule mchoro wa duara lililogawanywa, dakika 28 mfululizo. Jioni nikapiga simu kambini. Watoto watatu niliowapata walichokumbuka ni kwamba mwalimu alikohoa.

Halafu meseji. Nilinunua bando la meseji 100, nikaandika zoezi moja la herufi kama 300 na kuanza kuwatumia wazazi wote 26. Alipopata mzazi wa 20, bando likaisha. Meseji 100 kwa watu 20? Nimechoka.

Nipange vipi hiyo nusu saa, na meseji nizitumieje?

Chalii_wa_Nyegezi
Madam mbona rahisi, fungua grupu la wasapu, rekodi sauti, piga picha ubao, tupia humo. Mimi chuo tulisoma hivyo hivyo.

Mwl_Kome
Mdogo wangu, soma tena mstari wa vitochi.

Fundi_Mabatini
Kosa lako ni urefu. Mwisho wa meseji ni herufi 160. Ikizidi hapo inakatwa, na kilichozidi hakimfikii mtu. Andika 160, mchezo umeisha. Na redio achana nayo, inapita kama upepo. Meseji inabaki kwenye simu, mtoto ataisoma hata kesho.

Mzee_wa_Mawimbi
Mwalimu, nimekaa studio miaka mingi, vipindi vya shule nimevitengeneza. Ulichofanya si somo, ni taarifa ya habari. Mtoto hawezi kusikiliza dakika 28 bila kufanya kitu. Darasani unamwona anasinzia unamrushia swali. Redioni humwoni, kwa hiyo swali lazima uliandike kwenye muswada kabla, na baada ya swali uandike kimya.

Hicho kimya ndicho somo lenyewe. Nikaragua miaka ya 1970 walifundisha hisabati kwa redio namna hiyo, na Zanzibar miaka ya 2000 watoto wadogo walifundishwa kwa redio kwa njia hiyo hiyo: sauti inauliza, inanyamaza, mtoto anajibu kwa mdomo au kwa mikono, kisha sauti inatoa jibu.

Duara la kitabuni lisahau, redio haina ubao. Tumia kitu alichonacho mkononi. Kwa nusu na robo, karatasi ya daftari inatosha. Mimi ningeandika hivi:

"Shika karatasi. Ikunje katikati, ukingo ukutane na ukingo." (ngoma, sekunde 12)
"Ifungue. Una vipande vingapi?" (sekunde 3)
"Viwili. Kila kimoja ni nusu. Irudishe kama ulivyoikunja, halafu ikunje tena katikati." (ngoma, sekunde 15)
"Ifungue yote. Hesabu vipande." (sekunde 6)
"Vinne. Kila kimoja ni robo. Sasa weka alama ya x kwenye nusu ya karatasi. Umeweka x kwenye robo ngapi?" (sekunde 8)
"Mbili. Kumbe nusu ni robo mbili. Ongeza x kwenye robo moja zaidi. Sasa robo zenye x ni ngapi?" (sekunde 5)
"Tatu. Nusu ukijumlisha na robo unapata robo tatu."

Sekunde hizo usizichukue kwangu. Wachukue wawili kati ya hao 17 uliobaki nao, mmoja mwepesi na mmoja mzito, wasomee muswada wakiwa wamekupa mgongo, na upime kwa saa. Kimya kiwe cha yule mzito. Wote wakikunja vibaya, kosa ni la sentensi yako. Mimi niliwahi kuandika "kunja mara mbili", nusu ya watoto wakakunja mara moja na nusu nyingine mara mbili. Wote walikuwa sahihi.

Na weka ngoma nyepesi chini ya kila kimya kinachozidi sekunde tano. Kimya kitupu hewani, msikilizaji anadhani kituo kimekatika na anahama. Fundi mitambo naye atakurukia.

Katika nusu saa, jambo jipya liwe moja. Dakika tano za mwanzo rudia la wiki iliyopita, kumi na tano hilo la karatasi kwa mifano miwili mitatu, zinazobaki mtoto afanye mwenyewe na wewe utoe majibu. Ukiona muda umebaki, rudia. Usiongeze.

Binti_Sengerema
Fundi umepatia nusu. Ikizidi 160 haikatwi siku hizi, simu inaigawa vipande na kuviunga upande wa pili, mzazi anaiona nzima. Ila unalipia kila kipande, na ukishagawa kila kipande kinabeba herufi 153 tu.

Lakini hiyo haielezi bando la Madam. Herufi 300 ni vipande viwili, kwa wazazi 26 ni 52, zingebaki 48. Yeye zimeisha kwa mtu wa 20, maana yake kila mzazi alikula tano. Madam, kwenye zoezi lako kulikuwa na alama ya nusu ile ndogo iliyoandikwa pamoja, ½?

Mwl_Kome
Ndiyo. Niliandika kwenye kompyuta ya ofisi, nikanakili kwenda kwenye simu. Kulikuwa na swali la ng'ombe pia.

Binti_Sengerema
Basi hapo ndipo pesa ilipokwenda. Nilikuwa natuma meseji za kikoba chetu na nililia hivyo hivyo. Meseji ina orodha fupi ya herufi inazozijua. Ukiingiza alama moja tu isiyo kwenye orodha, meseji yote inahamia mtindo mwingine wa kuhifadhi, na badala ya herufi 160 unapewa 70. Ikigawanywa, kila kipande ni 67. Herufi 300 kwa 67 ni vipande vitano. Tano mara 20 ni 100.

Alama ya ½ haimo, × na ÷ hazimo, vikatuni vya kucheka havimo. Na huo mkia wa ng'ombe una hila yake: ulionyooka umo, lakini kompyuta huugeuza ukawa umepinda, na uliopinda haumo. Sisi tunaoandika ng'ombe, ng'ambo na ming'oko tunapigwa kila siku bila kujua. Andika 1/2 kwa mkwaju, tumia x ya kawaida, na uandike kwenye simu yenyewe. Simu nyingi huonyesha idadi ya herufi zilizobaki unapoandika. Ukiona inaruka ghafla kutoka mia na kitu kwenda makumi, futa herufi ya mwisho uliyoweka.

Baba_Nyabwire
Mimi ni mvuvi, mtoto wangu anasoma shule nyingine lakini habari ni ile ile. Mwalimu, hujauliza ila nakwambia: saa 3 asubuhi watoto wa kambini hawasikilizi mtu. Mitumbwi imerudi, dagaa wanaanikwa, kila mwenye mikono yuko kwenye kichanja. Hata hiyo karatasi ya mzee itanuka.

Na simu ni yangu, si ya mtoto. Kuanzia saa 12 jioni niko nayo ziwani, asubuhi imezima chaji, mchana inakaa kwenye kibanda cha kuchajia. Ukituma usiku naiona nikiwa kwenye karabai, nikifika nchi kavu nimeshasahau. Tuma saa 8 mchana. Nimeamka, dagaa wako juani, mtoto hana kazi. Redio pia omba saa hizo.

Jambo jingine, mbalamwezi ikiwa kubwa hatuendi. Karibu wiki nzima simu iko nyumbani. Kama una jambo la kuongea na mtoto, ni siku hizo.

Mama_Sola
Nauza redio za sola zenye tochi, nafika mialo yote ya Ukerewe na Ukara, mzigo upo.

Mtafiti_Bugando
Nimpinge Fundi kidogo kuhusu meseji kuizidi redio. Botswana mwaka 2020, shule zilipofungwa, walijaribu kwa watoto wa msingi. Kundi moja lilitumiwa meseji za hesabu kila wiki, jingine likatumiwa meseji hizo na kupigiwa simu dakika 15 hadi 20 kwa wiki, mwalimu akifanya maswali na mtoto. Waliopigiwa simu walisogea. Waliopata meseji peke yake hawakutofautiana sana na ambao hawakupata kitu. Meseji inafika, lakini hakuna anayemkalisha mtoto chini.

Sasa simu 26 za dakika 15 ni saa sita na nusu kwa wiki, Madam huwezi. Ila unaweza kuchagua wa kumpigia. Tuma swali moja lenye majibu mawili, wajibu kwa bipu, haimgharimu mzazi. Simu yako ikiwa ya laini mbili:

```
Somo la Jumamosi. 1/2 + 1/4 = ngapi? A: 2/6 B: 3/4. Ukiona ni A bipu namba hii. Ukiona ni B bipu namba yangu ya pili. Mtoto ajibu mwenyewe.
```

Hiyo haifiki 140. Hata ukiandika namba ya pili kwa tarakimu bado uko ndani ya 160. Jibu A sikulibuni tu: ni la mtoto aliyejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Aliyebipu A mpigie, asiyebipu kabisa mpigie pia mbalamwezi ikifika, waliobipu B waache.

Fundi_Mabatini
Na baba akibipu yeye? Wengi wanapenda mtoto aonekane anajua. Tena majibu mawili, hata anayebahatisha anapata nusu ya wakati.

Mtafiti_Bugando
Hapo sina dawa. Unaweza kutuma maswali mawili siku mbili tofauti, anayebahatisha ana nafasi kubwa ya kujikwaa kwenye mojawapo. La baba silijui.

Mzee_wa_Mawimbi
Mwambie baba redioni, kwa jina la kambi, kwamba mwalimu anatafuta waliokosea ili awapigie. Akijua kukosea kunaleta simu ya mwalimu, hataficha. Wengine wataficha tu.

Mwl_Kome
Asanteni sana. Nimewapima wawili leo, Mzee. Yule mzito alichukua sekunde 22 kukunja mara ya pili, kwa sababu aliigeuza karatasi kwanza. Nimebadilisha sentensi ikawa "usiigeuze, ikunje tena katikati", ikashuka hadi 14.

Redio wamesema saa 8 Jumamosi ina kipindi cha salamu na mdhamini wake, hawaitoi. Wamenipa Jumapili saa 8. Baba Nyabwire, Jumapili kambini mnaanika?

Baba_Nyabwire
Tukivua Jumamosi usiku tunaanika. Saa 8 itafaa. Ila mwambie mtangazaji asikuweke baada ya mpira, Jumapili tunahama stesheni.