Programu za kutafuta wachumba zinamlipa asiyesoma wasifu

Ndugu wanajukwaa,

Subira yangu imekwisha na programu hizi. Tumezoea kuwalaumu wanaume wa Nairobi peke yao, lakini mimi nalaumu jinsi programu ninayoitumia ilivyoundwa.

Wasifu wangu unaeleza wazi kwamba nina mtoto wa miaka sita, situmii pombe, naishi Embakasi na natafuta ndoa. Hata hivyo, karibu kila anayenipenda huanza kwa kuniuliza ninakaa wapi, na nikimtaja mtoto hunyamaza au hutoweka bila kwaheri. Hawasomi, na programu haiwadai wasome. Kinachojaa kwenye kioo cha simu ni picha, jina, umri na umbali, ilhali maneno yamefichwa nyuma ya picha mpaka mtu aiguse, na kutelezesha kidole kulia, yaani kupenda, hakumlazimu kuigusa. Hukumu imetangulizwa mbele ya maelezo.

Matokeo yake ni duara baya. Mwanaume akiona hajibiwi, huanza kupenda kila uso unaopita, akitarajia kuchagua baadaye miongoni mwa watakaomkubali. Mwanamke aliyefurikiwa hivyo huzidi kukaza masharti, na yule mwanaume, kwa kuona majibu yamepungua tena, hupenda ovyo zaidi. Programu haina haraka ya kulivunja duara hili, kwa kuwa msongamano huo ndio bidhaa yake: huniwekea foleni ya picha za walionipenda, zilizotiwa ukungu, na kunitaka nilipe ili nizione. Nililipia mwezi mmoja. Ukungu ulipoondoka, nilikuta wengi wako nje ya umri na umbali niliouchagua, na kichujio cha wanaokubali mzazi mwenye mtoto kilidai malipo ya daraja la juu zaidi.

Huo umbali wenyewe ni dhihaka. Mtu wa Rongai anahesabiwa kwa mstari ulionyooka unaopita juu ya mbuga ya wanyama, wakati mimi, ili nimfikie, ni lazima nipande matatu hadi mjini kisha nibadilishe nyingine.

Kaka_wa_Kayole: Dada, tatizo ni alama za siri, zile za Elo zinazotumika kwenye mchezo wa chesi. Ukipendwa na mtu anayependwa sana, unapanda. Ukikataliwa na asiyependwa, unashuka. Umeshushwa, ndiyo maana unaletewa watu wasiofaa.

Mchambuzi_Ngara: Kaka, Tinder walikiri mwaka 2016 kwamba walikuwa na alama ya namna hiyo, lakini mwaka 2019 walitangaza kuwa wameachana na Elo. Walisema wanawatanguliza watumiaji wanaoitumia programu mara kwa mara, na kwamba orodha hurekebishwa kila wasifu unapopendwa au kukataliwa. Kwa hiyo tabia ya vidole bado ina uzito, hata kama jina la alama limebadilika. Dada wa Embakasi, unalolitamani liliwahi kufanyika: OkCupid iliwalinganisha watu kwa majibu ya maswali. Majibu yako yakimridhisha yeye kwa asilimia 90 na yake yakakuridhisha wewe kwa asilimia 40, huzidishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili, mnapata 60. Wastani wa kawaida ungewapa 65. Hesabu hii huwashusha wawili ambao upande mmoja tu ndio unaoridhika.

Mama_Pacha: Mimi nimekatwa pesa ya M-Pesa na programu ya mikopo. Nitarudishiwaje?

Mchambuzi_Ngara: Mama, fungulia uzi wako, tutakusaidia huko.

Mwalimu_Kahawa: Mimi husoma wasifu wote, naandika ujumbe unaohusu alichokisema mtu, na sijibiwi. Dada, hata wanawake hamsomi.

Mwanzisha uzi: Mwalimu, nakuamini, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ujumbe wako unaingia katika foleni ileile na wale waliopenda kila uso, na mimi sina njia ya kuutambua. Nilibadilisha picha ya kwanza pekee bila kugusa maneno, na waliopenda wakaongezeka mara moja. Nilipobadilisha maneno bila kugusa picha, hakuna kilichotokea.

Mchambuzi_Ngara: Jaribio lako lina kasoro: kama ulibadilisha picha baada ya kukaa kimya, huenda kurudi kwako ndiko kulikokufanya uonyeshwe kwa wengi. Lakini kuhusu foleni uko sahihi. Hinge humtaka mtu apende picha moja au jibu moja mahususi, anaweza kuliandikia neno, na asiyelipa hupewa idadi ndogo ya kupenda kila siku. Kupenda kukiwa na gharama, watu hupunguza kutawanya.

Mwanzisha uzi: Basi ninachodai ni hicho: kikomo kwa kila mtu, anayelipa na asiyelipa, na maneno yawe juu ya kitufe cha kupenda. Nimewaandikia wenye programu. Wamenijibu kwa kunitumia punguzo la daraja la juu.