Kengele ya bei ya ngano inalia kila nikihamia mkataba mpya. Naunganishaje mfululizo?

ghala_shimanzi:
Salaam waungwana. Niko Mombasa, kampuni ya kuagiza ngano. Sisi hatuuzi wala kununua mikataba ya fyucha. Tunaifuata bei ya Chicago kwa sababu ofa nyingi tunazoletewa hupangwa kwa kuiangalia. Skripti yangu husoma bei ya kufungia kila usiku, na ikiwa imepanda au kushuka kwa asilimia 3 kwa siku, bosi anapata ujumbe.

Mkataba ukikaribia kuisha nahamia unaofuata, na hapo ndipo pana shida. Mkataba wa Julai (ZWN) ulifunga senti 540 kwa busheli. Siku iliyofuata nikasoma wa Septemba (ZWU), 558. Kengele ikalia kwa asilimia 3.3, bosi akanipigia usiku kuuliza kumetokea nini Bahari Nyeusi. Hakukuwa na lolote. Niunganishe vipi, na nihame siku gani?

chai_kwa_mnada:
Pole kaka. Na sisi wa chai wastani wa mnada wa hapa Mombasa huruka wiki ambayo chai ya daraja la juu imeletwa kidogo. Dawa yetu ni kufuata kila daraja peke yake. Jaribu hivyo.

mkokotoa_pwani:
Ndugu wa chai, la kwako ni mchanganyiko wa bidhaa. Hapa ngano ni ileile, tarehe ya kukabidhiwa ndiyo tofauti.

Ghala, dawa ni nyepesi. Siku ya kuhama tazama mikataba yote miwili. Septemba ukifunga 556 na Julai 540, pengo ni 16. Ongeza 16 kwenye bei zote za nyuma, mruko unapotea. Mfululizo huo utumie kwa kila kitu.

mzee_wa_soko:
Mkokotoa amepatia nusu. Kweli, lazima bei mbili za siku moja zilinganishwe. Ghala alilinganisha Julai ya jana na Septemba ya leo, na kati ya senti 18 alizoziona, 16 ni pengo la mikataba, sanasana gharama ya kuihifadhi ngano hadi Septemba. Soko lenyewe lilitoka 556 hadi 558, hata nusu ya asilimia halifiki.

Ila kengele yako, mwanangu, inapima asilimia, na kujumlisha huharibu asilimia. Tuseme miaka imepita na mapengo yamefika senti 100. Siku ya zamani bei ilipotoka 400 hadi 412, ambayo ni asilimia 3 kamili, sasa itasomeka 500 hadi 512, yaani 2.4. Ukiijaribu kengele kwa historia, siku hiyo haitalia. Zidisha badala ya kujumlisha: 556 gawa kwa 540 ni 1.0296, na kila bei ya nyuma izidishwe kwa hiyo.

```python
k = mpya.loc[siku] / zamani.loc[siku]
mfululizo = pd.concat([zamani.loc[:siku] * k,
                       mpya.loc[siku:].iloc[1:]])
```

`zamani` ni mfululizo uliokwisha kuunganishwa hadi hapo. Kila ukihama, bei zote za nyuma hubadilika, kwa hiyo hifadhi bei ghafi za kila mkataba na uujenge upya kutoka huko.

Na usiutumie kwa kila kitu. Bosi akitaka kujua mwaka jana ngano ilikuwa bei gani, au akitaka kengele ya "ikivuka 600", hilo lisomwe kwenye bei ghafi. Bei iliyozidishwa haikuwahi kuuzwa sokoni.

mkokotoa_pwani:
Na bei ikienda chini ya sifuri? Mafuta ghafi ya Marekani, tarehe 20 Aprili 2020, mkataba wa Mei ulifunga -37.63 na wa Juni 20.43. Uwiano huo utazidisha nini?

mzee_wa_soko:
Hapo uwiano hauna maana, nakubali. Lakini mkataba ule ulikuwa umebakiza siku moja kuisha. Aliyehama mapema hakuugusa. Ngano ya Chicago huisha siku ya kazi kabla ya tarehe 15 ya mwezi wa mkataba, na notisi za kukabidhi huanza siku ya mwisho ya kazi ya mwezi uliotangulia. Mimi huhama siku tano za kazi kabla ya notisi hizo.

bandarini_usiku:
Mimi huhama pale idadi ya mikataba iliyo wazi ya mwezi unaofuata ikishaizidi ya mwezi wa sasa siku mbili mfululizo, na sirudi nyuma hata ikigeuka. Tarehe maalumu hukuacha mahali ambapo wafanyabiashara wameshaondoka.

mzee_wa_soko:
Lakini hesabu hiyo hutoka siku ya pili yake, na ukikosa data ya siku moja, siku yako ya kuhama inasogea. Kwa ofisi ya watu wawili nabaki na kalenda.

ghala_shimanzi:
Shukrani sana mzee wangu. Nimezidisha, kengele imenyamaza kwenye ile siku ya Julai. Nitaweka safu mbili, ghafi na iliyounganishwa. La kuhama bado naliwaza. Na jingine: skripti yangu hukimbia saa tatu na nusu usiku. Chicago wakirudisha saa nyuma Novemba, soko linafunga saa nne na dakika ishirini kwetu. Mnaipangaje?

bandarini_usiku:
Panga kwa saa za `America/Chicago`, si za Mombasa. Na bei ikiwa haijathibitishwa kuwa ya kufungia, skripti isubiri.