Re: Fomu ya ukaazi wa kodi imerudishwa, riba imekatwa

Zuhura:
Ndugu zangu, salaam. Benki imenikata kodi ya asilimia 20 kwenye riba ya akaunti yangu ya muda maalumu. Wanasema fomu ya ukaazi niliyowapelekea haina muhuri unaotakiwa, na nikipiga simu nazungushwa tu. Niliweka 10,000 kwa mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 4, ikazaa 400, wakachukua 80. Kuna aliyewahi kurudishiwa? Fomu inapelekwa benki au ofisi ya kodi? Angalau namshukuru Mungu, 320 ya faida nimeiona.

Mzee Kombo:
Bi Zuhura, mambo ya mihuri nawaachia wengine. Mimi nimekwama kwenye hiyo faida. Takwimu za mfumuko wa bei kwa mwaka huohuo zilitoka asilimia 6. Maana yake, vitu ambavyo siku unaweka fedha vingekugharimu 10,000, sasa vinakugharimu 10,600. Wewe mkononi una 10,320. Gawanya 10,320 kwa 10,600 utapata 0.9736. Fedha yako yote, pamoja na riba, inanunua leo kile ambacho mwaka jana ungekipata kwa 9,736. Salio limepanda, lakini uwezo wa kununua umepungua kwa karibu 264.

Na hata hiyo 80 ungerudishiwa yote, ungekuwa na 10,400 mbele ya bei za 10,600. Bado uko chini. Ofisi ya kodi huhesabu 400 nzima kuwa ni pato lako, haijali kwamba bei zilishaimeza. Hapo ndipo mwenye akiba anapoumia mara mbili.

Baraka:
Mzee unatuzungusha bure. Riba toa mfumuko, basi. 3.2 toa 6, umebaki na hasi 2.8. Ndiyo riba halisi hiyo. Ikiwa hasi, mtu anatoa hela zake. Mimi zangu nilizitoa zote, zimekaa kwenye akaunti ya kawaida, hakuna riba, hakuna kodi, hakuna fomu ya kurudishiwa usoni.

Mzee Kombo:
Baraka mwanangu, kutoa ni makadirio. Namba zikiwa ndogo hayakupotezi sana, ndiyo maana umepata 2.8 mahali pa 2.6. Chukua sasa nchi ambayo benki inalipa asilimia 50 na bei zinapanda asilimia 60. Kwa kutoa utasema umepoteza 10. Gawanya 1.5 kwa 1.6, utaona umepoteza 6.25. Kanuni hii ya kugawanya mpaka leo inatajwa kwa jina la Irving Fisher, mchumi wa Marekani.

Kubwa zaidi ni hiyo akaunti yako ya kawaida. 10,000 isiyozaa kitu, mbele ya mfumuko uleule wa 6, inanunua vitu vya 9,434. Bi Zuhura kapoteza 264 pamoja na kukatwa kodi. Wewe umepoteza 566 bila kukatwa hata senti. Umeikimbia riba hasi, ukaenda kukaa palipo hasi zaidi.

Baraka:
Sawa mzee, lakini zangu naweza kuzitoa hata usiku wa manane. Zake zimefungwa. Hilo nalo lina thamani yake.

Mzee Kombo:
Lina thamani. Sema basi kwamba unalilipia, usiseme umeokoa.

Neema:
Mimi sina haraka. Mfumuko ulikuwa 8, sasa umeshuka hadi 3, kwa hiyo bei zinarudi chini na akiba yangu itapata nguvu yake. Mwenye nyumba wangu ndiye hajasikia habari hizo, kaongeza kodi tena!

Salim:
Neema, hapana, na hili tulishalisema humu zaidi ya mara moja. Mfumuko kushuka si bei kushuka. Kilichopungua ni kasi. Cha 100 kilipanda kikawa 108, sasa kwa asilimia 3 kinakwenda 111 na ushee. Kile ilichopoteza akiba yako mwaka wa 8 hakirudi chenyewe. Ili kirudi, riba yako baada ya kodi lazima ikae juu ya mfumuko kwa miaka kadhaa.

Tena 3 ni wastani wa kapu la bidhaa la nchi nzima. Ikiwa nusu ya mshahara wako ni pango na pango limepanda asilimia 10, hilo peke yake linakupa 5 kabla hujanunua kitu kingine.

Na msidhani serikali zinachukia hali hii. Marekani, kuanzia 1942 hadi 1951, benki kuu ilizuia riba ya hati fungani za muda mrefu isipite asilimia 2.5. Mwaka 1947 mfumuko ulivuka asilimia 10. Deni la vita likapungua uzito, na aliyebeba tofauti ni mwananchi aliyeshika karatasi hizo. Hakupigiwa kura bungeni kodi hiyo, lakini kailipa. Wakubwa wetu kule nyumbani nao wanaijua njia hii vizuri sana, ngoja niishie hapo.

Zuhura:
Jamani, fomu? Na benki wananibana nijibu wiki hii kama naendelea mwaka mwingine, safari hii kwa asilimia 4.5.

Mzee Kombo:
Hapo usitumie ile 6, hiyo ni ya mwaka uliokwisha. Riba unaifunga leo, mfumuko utakaoila utajulikana mwakani. Kwa hiyo geuza swali. 4.5 ikikatwa asilimia 20 inabaki 3.6. Ukiamini bei zitapanda chini ya 3.6, unabaki na kitu. Ukiamini zitapita hapo, unajua unachoingia. Hakuna karani atakayekuambia lipi litatokea, na mimi pia siwezi.

Rehema:
Shikamoo Mzee. Mbona mnateseka na nusu asilimia? Benki ya nyumbani inanipa 12, mfumuko kule ni 7. Hiyo si chanya tupu?

Mzee Kombo:
Marahaba mama. Inategemea utazitumia wapi. Ukizitumia kule, 1.12 gawanya kwa 1.07, umepata kama asilimia 4.7 kabla ya kodi ya kule. Ukizirudisha huku, ile 7 haikuhusu tena. Tuseme sarafu ya nyumbani imepoteza asilimia 10 mbele ya sarafu ya huku: 1.12 mara 0.90 ni 1.008. Mbele ya mfumuko wa huku wa 6, umebaki na 0.951. Ile 12 imekuwa hasara ya karibu 5.

Rehema:
Lakini mimi najenga kule na watoto wanasoma huku.

Salim:
Basi zigawe mafungu mawili, kila fungu lipimwe kwa bei za mahali litakapotumika.

Rehema:
Nitajuaje leo fungu la kule ni kiasi gani? Fundi mwenyewe hajanipa hesabu ya bati.

Baraka:
Akikupa, muombe iwe kwa maandishi. Ya kwangu ilibadilika kabla hatujafika kwenye lenta.