Dili moja limekufa, kamisheni imekatwa mara mbili, naambiwa "si ulisaini mwenyewe"

Wakuu, naandika hapa nikiwa na hasira na sitaki kuambiwa nitulie. Kampuni niliyopo, siitaji, imenikata hela ya dili moja mara mbili kwenye malipo ya robo hii, na kila nikiuliza jibu ni lile lile, ipo kwenye mpango wa kamisheni na saini yako ipo.

Nawawekea namba, nimezikadiria ziwe rahisi kuhesabu ila uwiano ndio huo huo. Besiki ni milioni 1 kwa mwezi. Tageti ya robo mwaka ni mauzo ya milioni 60. Mpaka ufike hapo unalipwa asilimia 5, ukivuka, kila kinachozidi unalipwa asilimia 8, ndio hiyo akseleta wanayotuimbia kila kikao. Robo iliyopita niliuza milioni 75. Zile 60 zikanipa milioni 3, zile 15 za juu zikanipa 1.2, jumla 4.2. Walilipa, hapo sina neno.

Sasa ndani ya hiyo 75 kulikuwa na mteja wa milioni 20 niliyemfunga wiki ya kwanza kabisa ya robo, tageti bado iko mbali, yaani dili lake mimi nililipwa kwa asilimia 5, milioni 1 basi. Mteja akasubiri afungiwe mfumo, mafundi wetu leo kesho leo kesho, mwezi wa tano tangu asaini akachoka akavunja mkataba. Mpango unasema mteja akiondoka ndani ya miezi 12 kamisheni inarudi "kwa sababu yoyote ile". Haya. Wamekata 1.6, yaani ile 20 wameizidisha kwa asilimia 8! Na hawakuishia hapo, wameichukua hiyo hiyo milioni 20 wakaitoa kwenye mauzo yangu ya robo hii, nilikuwa nimefika 62 sasa nasomeka 42, sijafika tageti tena, nimehesabiwa 2.1 badala ya 3.16. Toa 1.6 yao, nimebaki na laki 5 ya kamisheni kwa robo nzima ambayo nilivuka tageti. Huu ni wizi au mimi ndio sijui hesabu?

mpiga_debe: Wizi huo kaka. Sheria ya kazi hairuhusu mwajiri kugusa hela aliyokwisha kukulipa, ikishaingia kwenye akaunti ni yako. Wapeleke mahakamani kesho asubuhi.

kalamu_nyekundu: @mpiga_debe usimpeleke mwenzio kubaya. Hilo linategemea nchi na linategemea karatasi. Mipango mingi inaandikwa kwamba kinacholipwa mteja akisaini ni avansi tu, kamisheni inakuwa "yako" baada ya mteja kukaa miezi fulani au kumaliza kulipa. Ikiandikwa hivyo, kudai kwamba ilishakuwa yako ni kugumu. Mleta uzi, tafuta kwanza sentensi inayosema kamisheni inakuwa yako lini.

Nimekaa muda mrefu upande wa kukokotoa hizi kamisheni, kwa hiyo nikuambie ukweli wote hata ule usioupenda. Ile 1.6 ni makosa. Lakini na milioni 1 yako nayo siyo. Rudia robo iliyopita kana kwamba dili halikuwepo, 75 toa 20 inabaki 55, kwa asilimia 5 ni 2.75. Ulilipwa 4.2, tofauti ni 1.45. Bila lile dili la wiki ya kwanza usingegusa akseleta kabisa, ndilo lililokubebea wenzake mpaka juu. Wao wamekata yote kwa asilimia 8 wakati zilizolipwa kwa asilimia 8 zilikuwa 15 tu.

Kubwa ni hilo la pili. Kuna njia mbili za kurudisha dili lililokufa: ama unafungua robo ya zamani unaikokotoa upya, ama unaiacha ilivyo na kutoa mauzo hayo kwenye robo iliyopo. Ya kwanza ingekugharimu 1.45, ya pili 1.06. Kampuni inachagua moja. Wewe wamekufanyia zote mbili, jumla 2.66 kwa dili lililokulipa chini ya hapo hata ukihesabu vibaya kiasi gani.

Mleta uzi: Aisee hiyo 2.66 sikuwa nimeijumlisha, ndio naumia zaidi. Ila kwenye 1.45 bado nakukatalia mkuu. Slipu ya mwezi ule inaonyesha dili hili, asilimia 5, milioni 1, limeandikwa kwa jina la mteja. Kama walilipa dili kwa dili warudishe dili kwa dili, wasinifungulie robo nzima kwa kuwa sasa ndio inawafaa wao.

kalamu_nyekundu: Hoja hiyo ina nguvu kama mpango haujasema njia. Ukiwa umesema, imekwisha.

dada_wa_kaunta: Na mimi yamenikuta, nilipoanza walinipa avansi ya kamisheni miezi mitatu sasa wanaikata kila mwezi, kwa hiyo na mimi nimekatwa mara mbili?

kalamu_nyekundu: Hapana dada, hiyo ni nyingine. Angalia barua ya ajira kama avansi ni ya kurudishwa au ya kukushikilia tu unapojifunza kazi. Fungua uzi wako tutakuja.

bosi_mstaafu: Niliwahi kuongoza timu ya mauzo, naomba mnisikilize bila kunitukana. Kipengele cha kurudisha lazima kiwepo. Ukikiondoa watu wanafunga wateja wanaojua kabisa hawatakaa, mwisho wa robo hapo ndio utaona maajabu, mikataba inasainiwa tarehe 30 inavunjwa tarehe 10. Ila mimi miezi 12 sikuwahi kuikubali. Kwangu ilikuwa mitatu, ikizidi hapo kosa huwa ni la huduma, muuzaji hana funguo ya stoo ya mafundi. Hilo neno "sababu yoyote ile" ndilo la kupigania kabla hujasaini. Swali moja, mteja alilipa chochote?

Mleta uzi: Alilipa malipo ya awali robo ya mkataba, milioni 5. Na hawajamrudishia, wanasema mkataba unawaruhusu.

bosi_mstaafu: Basi kampuni imebaki na milioni 5 mfukoni halafu imekunyang'anya kamisheni ya 20 nzima. Hapo mimi ningesimama.

kalamu_nyekundu: Hii inabadilisha hesabu. Kilichokufa ni 15, siyo 20. Robo iliyopita inakuwa 60 kamili, kamisheni milioni 3, unarudisha 1.2. Robo hii haiguswi, unabaki na 3.16 yako. Mkononi 1.96 badala ya laki 5. Nenda na hiyo kwa maandishi, uwaombe nao waandike hesabu yao mstari kwa mstari, usikubali kuelezwa kwa mdomo.

Na wengine mnaosoma, mkipewa mpango mpya msikae mnaitazama akseleta. Ulizeni wangapi kwenye timu walivuka tageti mwaka jana, halafu mwambieni meneja akokotoe mbele yenu dili kubwa lililouzwa robo hii likafa robo ijayo. Akishindwa kuitoa hiyo namba, ujue watakuja kuitunga siku likikukuta.

mpiga_debe: Na besiki je, wanaweza kuikata kama kamisheni haitoshi?

kalamu_nyekundu: Kuna nchi hawaruhusiwi, kuna zinazotaka uwe umekubali kwa maandishi. Angalia kama mpango unataja "malipo yoyote" au "kamisheni zijazo" tu.

Mleta uzi: Nimeangalia sasa hivi. Wangu umeandika "malipo yoyote". Barua naiandika leo leo, kama kuna aliyewahi kuishinda hii ya kukatwa kote kote aniambie alitumia maneno gani.