Simu inaua kazi ya saa nane usiku kabla haijaanza, na haisemi neno

Mama_Stoo

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Naendesha duka la vyakula la jumla. Mauzo na madeni ya wateja tunayaandika kwenye programu ya simu niliyotengenezewa na kijana mmoja, kwa fedha yangu. Kitu nilichomsisitizia kuliko vyote ni kwamba kila siku saa nane usiku programu ipandishe nakala ya daftari zima kwenye seva. Saa nane kwa sababu bando langu la usiku linaanza saa sita na kuisha saa kumi na mbili asubuhi, na bei yake haifanani kabisa na ya mchana.

Programu iko kwenye simu mbili. Ya kwanza ni yangu ya zamani. Hiyo usiku kucha iko kimya mezani, lakini nikiinyanyua tu asubuhi inaanza kupandisha nakala, bando limeshaisha, inakula salio la kawaida. Ya pili ni mpya, iko dukani. Hiyo haipandishi chochote, si usiku wala asubuhi, mpaka mtu afungue programu na kubonyeza kitufe kwa mkono.

Kabla ya hii mpya tulikuwa na nyingine ya aina ile ile. Ilidumbukia kwenye ndoo ya maji na haikuwaka tena. Nilikuwa na amani kwamba nakala iko kwenye seva. Kufungua seva, nakala ya mwisho ni ya wiki iliyopita. Madeni ya wiki nzima yamepotea, na wapo wateja ambao mpaka leo wanasema hawakuchukua kitu.

Kinachonichoma ni kwamba simu haikuniambia. Ukienda sehemu ya betri unakuta inajisifu kwamba imefunga programu kadhaa na kuongeza muda wa chaji. Haisemi kwamba mojawapo ni daftari la biashara yangu. Nani aliipa ruhusa hiyo? Nimelipia simu, nimelipia programu, nimelipia bando, halafu kuna mtu kiwandani ameamua kwamba kazi yangu si muhimu.

kaka_mzigo

Pole sana dada. Dawa ni nyepesi. Bonyeza programu kwa muda, ingia App info, kisha Battery, chagua Unrestricted. Yangu ilipona hapo hapo. Huna haja ya kulalamika.

Mama_Stoo

Kaka, hilo nimelifanya kwenye simu zote mbili tangu mwanzo. Ya zamani bado inachelewa, ya dukani bado haifanyi kitu. Na nina haki ya kulalamika.

Bi_Zamda

Hata mimi simu yangu meseji za kundi la familia zinaingia zote kwa mkupuo nikiwasha kioo. Nilidhani ni mtandao. Nimebadilisha laini na hali ni ile ile. Kumbe ni betri?

fundi_wa_kona

Mama Stoo, umeeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaokuja mezani kwangu, kwa sababu umetenganisha simu mbili. Hayo ni magonjwa mawili.

Simu inayochelewa imeshikwa na Doze. Hii imo ndani ya Android yenyewe tangu toleo la 6, mwaka 2015. Simu ikiwa haiko kwenye chaji, kioo kimezimwa na haisogezwi, baada ya muda mfumo unaizamisha usingizini. Humo ndani kengele za kawaida za programu zinaahirishwa na mtandao unakatwa. Kuna vipenyo vifupi ambapo mfumo unaamka na kuruhusu kazi zilizosubiri zipite pamoja, ila usiku unavyosonga vipenyo hivyo vinazidi kutengana. Ukiinyanyua simu asubuhi usingizi unakatika, na kila kilichokuwa foleni kinatoka. Hapo ndipo salio lako linapoliwa. Bi Zamda, meseji zako zina dalili za ugonjwa huu huu.

Kaka mzigo ana nusu ya jibu. Unrestricted inairuhusu programu kutumia mtandao wakati wa Doze na kuizuia simu isilale ikiwa kazi imeshaanza. Lakini kama kijana alitumia kengele ya kawaida kuanzisha kazi, kengele hiyo bado inasubiri kipenyo. Mlango uko wazi, ila hakuna aliyemwamsha mtu wa kupita.

Jaribu hivi kwenye simu ya zamani: usiku iache kwenye chaji. Simu iliyo kwenye chaji haiingii Doze. Kazi ikifanyika saa nane, ugonjwa umejulikana.

Simu ya dukani ni mambo mengine. Kesho asubuhi, KABLA ya kufungua programu, ingia App info uangalie kitufe cha Force stop. Kama kimefifia na hakibonyezeki, programu ilishasimamishwa kabisa. Programu ikisimamishwa hivyo, kengele zake zote zinafutwa na hakuna kitakachoziamsha mpaka mtu aifungue mwenyewe. Hiyo si Doze. Hiyo ni nyongeza ya mtengenezaji wa simu.

mzee_wa_daku

Mimi sielewi mnavyolalamika. Kengele yangu ya daku inalia Ramadhani nzima, saa kumi kasoro, simu iko chini ya mto na betri asilimia kumi. Haijawahi kuniacha. Labda dada umeweka saa 8 ya mchana. Angalia vizuri AM na PM.

Mama_Stoo

Mzee wangu shikamoo. Saa imewekwa 02:00. Na kama ingekuwa ya mchana, mchana ingepandisha.

fundi_wa_kona

Swali la mzee lina faida hata hivyo. Kengele ya saa inapita kwa sababu programu za saa hutumia njia yake, `setAlarmClock`. Mfumo huiheshimu kama ahadi kwa binadamu, na hutoka Doze muda mfupi kabla ya saa kufika. Programu ya daftari haijatumia njia hiyo.

Mama_Stoo

Nimerudi na majibu. Simu ya zamani ikiwa kwenye chaji imepandisha nakala saa nane na dakika chache, ndani ya bando. Nimefurahi kwa hilo, lakini huku kwetu umeme hukatika usiku bila taarifa. Ukikatika saa saba, chaji hakuna, na nakala hakuna.

Ya dukani: Force stop imefifia kama ulivyosema. Msaidizi wangu anasema akifunga duka huwa anafungua orodha ya programu za karibuni na kuzifagia zote juu, kwa sababu aliambiwa ni usafi wa simu.

fundi_wa_kona

Huyo msaidizi msimlaumu. Kwenye Android ya kawaida kufagia programu kutoka kwenye orodha hakufuti kengele zake. Baadhi ya watengenezaji wamekugeuza kufagia huko kuwa sawa na Force stop. Wengine wana kitu kinachopita chenyewe kioo kikifungwa na kuua kila kisichokuwa kwenye orodha yao.

Tafuta mambo mawili. Kwanza kuna swichi iitwayo Autostart au jina linalofanana nalo, mara nyingi ndani ya programu ya usalama ya simu yenyewe na si kwenye mipangilio ya kawaida. Iwashe kwa ajili ya daftari. Pili, kwenye orodha ya programu za karibuni, shika kadi ya daftari mpaka kufuli kitokee, uifunge. Na kila simu ikisasishwa rudi kukagua, kwa sababu nimeona sasisho likirudisha swichi hizo zilipokuwa.

Ukiwa na kompyuta na kebo, unaweza kuuliza mfumo unaiweka programu kwenye daraja gani:

```
adb shell am get-standby-bucket jina.la.programu
```

Ikitoka 5, mfumo umeisamehe. Ikitoka 45, imewekwa kwenye daraja la chini kabisa, ambalo kazi zake zinabanwa mpaka takriban mara moja kwa siku.

andika_msimbo

Naomba niseme kwa upande wetu tunaoandika programu, maana mnatupiga tu. Huyo kijana huenda alitumia WorkManager, na ndiyo njia tunayoelekezwa kuitumia. WorkManager inahakikisha kazi itafanyika, haihakikishi saa. Saa kamili inahitaji ruhusa ya Alarms & reminders. Tangu Android 14, programu mpya nyingi zikisakinishwa ruhusa hiyo huwa imezimwa, mtumiaji aende kuiwasha mwenyewe. Na hata ukiipata, mtengenezaji wa simu akiisimamisha programu yako, msimbo wako wote ni bure. Hakuna mstari ninaoweza kuandika ukazuia Force stop.

Pia sikubaliani na `setAlarmClock` kwa kazi ya kupandisha nakala. Inaweka alama ya kengele juu ya kioo, mteja anadhani kuna kengele ya kuamka. Njia safi ni seva itume ujumbe wa kipaumbele cha juu wa kuiamsha simu.

fundi_wa_kona

Ujumbe wa seva nao haufiki kwenye programu iliyosimamishwa. Na data yake ya usiku ikizimika au mtandao ukiwa mbovu, hauamshi kitu. Kwa mwenye duka, alama ya kengele juu ya kioo ni bei ndogo.

andika_msimbo

Kwa simu yake sawa. Kwa programu yenye watumiaji wengi, nitaendelea kukataa.

kaka_mzigo

Dada taja aina ya simu tuikwepe wote.

Mama_Stoo

Sitaitaja sasa, bado nabishana na aliyeniuzia. Nilimpigia nikamweleza, akasema simu haina hitilafu, inafanya kazi kama ilivyotengenezwa. Jibu hilo ndilo lililonifanya nije kuandika hapa. Kama kweli imetengenezwa hivyo, basi kwenye boksi pale panapoandikwa ukubwa wa betri paandikwe pia kwamba itasimamisha programu zako usiku bila kukuuliza.

Kijana wangu amebadilisha kuwa `setAlarmClock`, na ameongeza kitu nilichokidai: ukifungua programu, juu kabisa inaandika kwa rangi nyekundu saa ya nakala ya mwisho kama zimepita zaidi ya saa 24. Simu ya zamani, bila chaji, imepandisha saa nane kamili. Alama ya kengele iko juu ya kioo na hainisumbui.

Ya dukani nimewasha Autostart, nimefunga kufuli, msaidizi ameacha kufagia. Usiku mmoja ilipandisha, uliofuata haikupandisha, na asubuhi Force stop ilikuwa imefifia tena. Fundi, kuna sehemu nyingine ya kuangalia?

fundi_wa_kona

Angalia kama kuna ratiba ya usiku ya kuokoa betri inayojiwasha yenyewe, au inayowaka betri ikishuka asilimia fulani. Nyingine ziko chini ya jina la usingizi. Kama hazipo, mimi nimefika mwisho wangu kwa simu hiyo. Kuna nyongeza ambazo mtengenezaji hajaweka swichi yoyote ya kuzizima.

Mama_Stoo

Nimezitafuta, hazipo. Daftari nimelihamishia kwenye simu ya zamani. Hii mpya itabaki dukani kupokea simu za wateja, na wiki ijayo naenda kwa aliyeniuzia nikiwa na picha za Force stop za kila asubuhi.