Viza ya masomo Kanada: "Background check" haisogei tangu Aprili, shule inaanza Septemba

Kijana_wa_Katindo
Bayaya, habari za jioni. Niko Goma. Nimekubaliwa chuo kimoja Kebeki, CAQ, ile karatasi ya serikali ya Kebeki ya kunikubali kusoma kule, ninayo. Dosye la viza ya masomo liliingizwa mtandaoni tarehe 11 Machi, na tarehe 2 Aprili nilivuka Gisenyi nikapanda basi mpaka Kigali kutoa alama za vidole. Tangu siku ile hakuna kilichobadilika. Nikiuliza ninaona mstari uleule: "Background check", kwamba bado wanaendelea kuchunguza historia yangu. Leo ni katikati ya Agosti na masomo yanaanza tarehe 2 Septemba. Mama alishauza kipande cha shamba kwa ajili ya ada, na kila asubuhi ananiuliza kama jibu limekuja. Nifanye nini? Niwaandikie, au nikiwaandikia ninaharibu?

Mama_Kenya_Lshi
Mwanangu, usihangaike sana. Mimi hapa Lubumbashi nilisubiri wiki 7, halafu ujumbe ukaingia kwenye simu kwamba paspoti iko tayari nikachukue. Nenda pale ulipoacha paspoti, uulize wakuonyeshe iko wapi.

Kijana_wa_Katindo
Aksanti mama, ila paspoti yangu niko nayo nyumbani. Kigali walichukua alama na picha tu.

Kivu243
Hapo dawa ni moja: omba notisi za GCMS. Ni yale maandishi ya maofisa ndani ya dosye lako, yanaonyesha kazi imeishia wapi. Lakini lazima uwe na ndugu aliye Kanada akuombee, na analipa dola 5. Sisi tulio huku haturuhusiwi.

MwanaKadutu
Kivu243, hiyo ilikuwa kweli zamani. Tangu Julai 2022 hata mtu aliye nje ya Kanada anaweza kuomba taarifa zake mwenyewe kwa Sheria ya Faragha, yaani Privacy Act, na halipi kitu. Zile dola 5 ni za sheria nyingine, ya kupata nyaraka za serikali, ambayo bado inadai mtu awe Kanada. Muda wa kujibu kisheria ni siku 30. Ila kwa mdogo wetu huyu siyo pa kuanzia, maana siku 30 zitamfikisha katikati ya Septemba.

Kijana, nijibu jambo moja kwanza. Umesema "nikiuliza ninaona". Unamuuliza nani? Akaunti unaifungua wewe mwenyewe?

Kijana_wa_Katindo
Hapana, yaya. Kuna mtu alinijazia dosye, nilimlipa. Nikimuuliza ananitumia picha ya skrini kwa WhatsApp. Nimeiweka hapa chini, nimefuta namba.

MwanaKadutu
Nimeiangalia vizuri. Picha imekatwa. Juu inaonekana tarehe ya kuwasilisha, katikati kuna mstari wa "Background check", basi. Mstari wa "Review of medical results", yaani wa vipimo vya afya, haupo, na jedwali la ujumbe ambalo huwa chini ya ukurasa halipo pia. Jedwali hilo ndilo muhimu: lina tarehe barua ilipotumwa na safu ya "Date read" inayokuonyesha kama ilishafunguliwa. Wakihitaji kitu kutoka kwako, barua huwekwa pale, halafu imeili inatumwa kusema tu kwamba kuna ujumbe. Kama imeili iliyosajiliwa ni ya yule mtu, wewe hutajua kamwe. Nimeshaona dosye zilizosimama hivyo miezi mingi huku mwenyewe akidhani maofisa wamelala.

Fanya hivi. Mwombe jina na neno la siri la akaunti. Akikataa, fungua akaunti yako mwenyewe kwenye tovuti ya IRCC, idara ya uhamiaji ya Kanada, halafu tumia sehemu ya kuunganisha ombi. Namba ya ombi iko juu ya ile barua uliyopeleka Kigali kwa ajili ya alama. Majina lazima yafanane herufi kwa herufi na yaliyojazwa kwenye fomu, na hapo ndipo Wakongomani tunakwama, kwa sababu ya jina, postnomu na prenomu. Fungua paspoti ukurasa wa picha, soma ile mistari miwili ya chini yenye alama <<<. Yaliyo kabla ya << ni jina la ukoo, yaliyo baada yake ni majina mengine. Anza kujaza hivyo. Ikikataa, hamisha postnomu upande wa pili, ujaribu tena.

Kivu243
Aksanti kwa masahihisho. Basi bora amwandikie IRCC kwa ile fomu ya tovuti kila wiki mpaka wachoke?

MwanaKadutu
Hapana. Muda wanaoutangaza ni ule ambao maombi 8 kati ya 10 yalimalizika ndani yake. Maana yake 2 kati ya 10 huchukua zaidi bila kosa lolote. Ukiandika kabla muda haujapita bila jambo jipya, utajibiwa tu kwamba dosye linashughulikiwa. Fomu ile andika mara moja, ukiwa na kitu mkononi: barua mpya ya shule, imeili iliyobadilika, ushahidi wa miadi.

Kijana_wa_Katindo
Narudi na habari, siku 2 baadaye. Alikataa kunipa neno la siri, anasema ni "siri ya kazi". Nimefungua akaunti yangu. Mara ya kwanza ilikataa. Nilipoweka postnomu pamoja na jina la ukoo kama ilivyo chini ya paspoti, ikakubali. Mikono ilikuwa inatetemeka. Mstari wa matibabu unasema ninatakiwa kupimwa afya. Nikamtumia picha hiyo, ndipo akanitumia barua yenyewe. Iliandikwa tarehe 9 Juni! Inasema nifanye vipimo ndani ya siku 30. Nimekwisha?

MwanaKadutu
Angalia "Final decision". Kama hakuna uamuzi, dosye bado liko hai, lakini usilale. Piga simu leo kwa daktari aliyeidhinishwa na Kanada. Orodha iko kwenye tovuti yao, na daktari mwingine yeyote hakubaliki hata akiwa bingwa. Chukua lile karatasi la IMM 1017 lililoambatana na barua. Lina namba ya IME, yaani ya vipimo vyako vya afya, na kwa namba hiyo matokeo yanaingia kwenye dosye lako. Daktari anayatuma mwenyewe. Wewe omba karatasi ya uthibitisho kwamba umepimwa.

Ukishapata miadi, ndipo uandike kwenye fomu ya tovuti: barua ya 9 Juni hukuiona kwa wakati, miadi ni tarehe fulani, unaomba muda uongezwe. Eleza ukweli kuhusu aliyejaza. Kama alilipwa naye si mwanasheria wala mshauri aliyesajiliwa na chama chao cha Kanada, hakuwa na ruhusa. Hapohapo omba imeili ibadilishwe iwe yako.

Jambo la pili ni shule. Waandikie leo, uulize siku ya mwisho ya kuchelewa kufika, na kama wanaweza kukuhamishia Januari. Ofisa akifungua dosye tarehe 20 Septemba na barua yako inasema 2 Septemba, anaweza kukataa kwa hilo tu. Barua mpya ikitoka, ipeleke. Na soma tarehe za CAQ yako, uone kama Januari bado iko ndani.

Mama_Kenya_Lshi
Mwanangu, nilikujibu bila kuelewa, nisamehe. Huyo mtu arudishe pesa ya mama yako.

Kijana_wa_Katindo
Aksanti mama, aksanti yaya. Nimepata miadi Kigali Alhamisi saa 2 asubuhi, nitavuka Jumatano. Shule wamenijibu: mwisho wa kufika ni 9 Septemba, na Januari inawezekana. CAQ inafika mpaka mwaka kesho. Swali lililobaki: nichukue barua ya Januari sasa hivi, au nisubiri kwanza kama wataniongezea muda?

Kivu243
Subiri. Labda watajibu haraka.

MwanaKadutu
Mimi ningechukua ya Januari leo. Kupimwa Alhamisi, matokeo yatumwe, ofisa afungue, viza ibandikwe, ndege, yote kabla ya 9 Septemba? Kama watakubali kwamba barua ilichelewa kukufikia, hilo ni mikononi mwa ofisa. Tuambie ukitoka Kigali.